Kijiti cha Toti Thelathini

Kazi yangu kwenye baa ile ilikuwa kreti. Kuzishusha kwenye guta la magurudumu matatu, kuziingiza stoo, kutoa chupa tupu, kupanga friji. Nilikuwa nimetoka Mchikichini, ambako nilifungua marobota ya viatu vya mitumba mpaka nikachoka kuona mguu wa kushoto usio na wa kulia, na kabla ya hapo nilikuwa Feri nikiparua samaki. Shule niliiacha darasa la sita. Sikuwa mjinga sana wala mwenye akili sana. Nilishindwa tu kukaa nikisimuliwa kitu ambacho ningeweza kwenda kukitazama.

Baa ilikuwa pale ambapo kelele za Kariakoo huanza kupungua ukielekea Mnazi Mmoja, chini ya jengo la zamani la ghorofa mbili. Mchana waliingia wauza vitenge, mafundi cherehani, madalali wa vipuri, na wabeba mizigo waliokwisha kulipwa. Mwenye baa alikuwa mama wa Kihindi, mjane, mzaliwa wa mtaa ule ule, aliyeishi juu yetu na kuvuta viti vyake asubuhi tukavisikia. Marehemu mumewe alimwachia jengo, baa na sisi. Yeye mwenyewe pombe hakuionja maisha yake yote. Tulimwita Mama, na wateja wazee nao walimwita Mama.

Kila Jumatatu asubuhi, akishatoka hekaluni, Mama alishuka na vijiti vyake.

Vilikuwa vijiti vyembamba vya mbao, virefu kama mkono wa mtoto, vimefungwa pamoja kwa mpira. Kila aina ya chupa ilikuwa na kijiti chake. Mama aliweka chupa ya wiski iliyoanzwa juu ya kaunta, akasimamisha kijiti pembeni yake, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na kinywaji, akagusa alama kwa ukucha wa kidole gumba na kusema, "Kumi na mbili." Kisha chupa nyingine, kijiti kingine.

Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliacha kreti katikati ya mlango.

"Mama, shikamoo. Mbona alama hazilingani? Hapa chini zimebanana, huku juu zimeachana."

"Marahaba. Wewe unaulizaga hivi kila unapofanya kazi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo maana hukai." Lakini alinionyesha. Kijiti kile kilitengenezwa na marehemu mumewe. Alichukua chupa tupu, akamimina humo maji toti moja, akaweka alama kwenye kijiti pale maji yalipofika. Akamimina ya pili, akaweka alama, hivyo hivyo mpaka chupa ikajaa. Toti yao ni mililita ishirini na tano, na chupa ya mililita mia saba na hamsini inatoa toti thelathini. Tumboni mwa chupa toti moja inapanda kidogo tu, ndiyo maana alama zimebanana. Shingoni chupa inakuwa nyembamba, toti ile ile inapanda sana, alama zinaachana. Na alama ya kwanza kabisa iko juu kuliko unavyotarajia, kwa sababu kitako cha chupa ni kioo kinene kilichobonyea ndani.

"Mtu wa kupima kwa jicho," Mama alisema, "akiona kinywaji kimefika nusu ya urefu wa chupa, anasema zimebaki kumi na tano. Uongo. Hajapima, ameangalia."

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Unachukua kilichokuwepo Jumatatu iliyopita, unajumlisha kilichonunuliwa, unatoa kilichobaki leo. Hicho ndicho kilichotoka chupani. Halafu unaangalia risiti zinasema toti ngapi zimeuzwa. Viwili vikilingana, Mama anaagiza chai. Visipolingana, hiyo ni shoti, na mtu wa kaunta ndiye anayeulizwa.

Mtu wa kaunta alikuwa dada mmoja wa Masasi. Alihudumia meza pale miaka mingi, akabeba trei na matusi ya walevi, akingoja kaunta. Aliyekuwa kaunta alipomfuata mumewe Dodoma, Mama alimkabidhi yeye funguo. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza mwaka ule, na mshahara wa kaunta ulikuwa umeshapangiwa kazi kabla haujaingia. Alikuwa mrefu, mwepesi wa mikono, na wateja walimpenda kuliko yeyote. Mzee mmoja muuza vitenge, aliyekaa kila siku kiti cha mwisho karibu na feni, tangu dada ashike kaunta alikuwa akisema kwa sauti ili wote wasikie, "Toti ya hapa inashibisha. Kwingine unakunywa glasi, hapa unakunywa pombe."

Tulicheka. Hakuna aliyejua kwamba mzee alikuwa ameshatueleza kila kitu.

Wiki ya kwanza ya dada kaunta ilikuwa na shoti. Mama akasema ni mkono mgeni, labda anamwaga. Wiki ya pili, shoti. Jumatatu ya tatu Mama alimaliza na vijiti, akaandika juu ya kipande cha katoni, akakigeuza kuelekea kwetu. Risiti zilisema zimeuzwa toti mia moja za wiski. Chupa zilisema zimetoka mia na kumi.

"Sikuiba, Mama," dada alisema.

"Sijasema umeiba. Nimesema imepungua."

"Kwenye baa hayo ni neno moja."

Mama alifunga mpira kwenye vijiti vyake polepole. "Marehemu alinifundisha kitu kimoja tu. Bia ni chupa. Ikipungua unahesabu vifuniko. Pombe kali ni maji; inapita kwenye vidole. Kwa hiyo simfukuzi mtu kwa wiki moja, wala mbili. Jumatatu ijayo ikija hivi hivi, utaniachia funguo zangu."

Akapanda juu. Dada alichukua kitambaa akaanza kufuta glasi ambazo zilikuwa safi.

"Utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitajua zinakwenda wapi. Siondoki hapa na jina la mwizi. Kama ni kuondoka, niondoke nikijua."

Nilijikuta nimesema tutazitafuta wote. Sikuwa na sababu kubwa. Nilitaka kujua.

Siku iliyofuata tulikuja mapema kabla ya kufungua. Mimi nilishuku kijiti. Huenda kiwanda kimebadili chupa, kijiti cha marehemu kinapima chupa iliyokufa. Tulichukua chupa tupu ya wiski, nikajaza kipimo cha toti kwa maji mpaka ukingoni, nikamimina ndani, tukasimamisha kijiti. Alama ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Niliendelea mpaka thelathini, na maji yakakaa shingoni pale pale pombe inapokaa chupa ikiwa haijafunguliwa. Kijiti kilikuwa kizima.

"Basi ni hiki kipimo," dada akasema, akikinyanyua kile kikombe kidogo cha chuma. "Labda si cha ishirini na tano. Pale Kariakoo wanauza kila kitu na namba ya uongo."

Nilikwenda duka la dawa la jirani nikanunua bomba la sindano la mililita tano, bila sindano. Muuzaji aliniuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia kikombe. Tulirudi tukavuta maji kwa bomba, tukayasukuma ndani ya kipimo. Mabomba matano yakakijaza mpaka ukingoni, la sita likamwagika. Kipimo nacho kilikuwa kizima.

Nje guta lilipita na mtu akipiga kelele za kuomba njia. Dada alikuwa akikitazama kile kipande cha katoni alichokiacha Mama.

"Soma jini," alisema.

Nikasoma. Zimeuzwa sitini, zimetoka sitini na sita.

"Brandi."

Zimeuzwa thelathini, zimetoka thelathini na tatu.

"Bia?"

Bia hazikuwa na shoti. Vichupa vidogo vya pombe kali, vile vinavyouzwa vizima na kizibo chake, navyo havikuwa na shoti hata kimoja.

"Kaka, mwizi gani huyu?" alisema. "Anaiba wiski kumi, jini sita, brandi tatu. Kila kumi anachukua moja. Mimi ningekuwa mwizi ningechukua chupa ya wiski moja nikaenda zangu. Halafu vichupa ndivyo rahisi kuficha, vinaingia hata kwenye sidiria, na havijaguswa."

Tulitazamana. Kitu kilichokuwa kikichukua kilichukua pale tu mtu alipopimiwa, na kilichukua kwa kadiri ya waliopimiwa.

Nilijaza ile chupa maji tena, thelathini kamili, nikapanga glasi juu ya kaunta. "Niuzie," nikamwambia. "Mimi ni wateja. Usifikiri, uza tu."

"Karibu, mteja mbaya," alisema, akaanza.

Alikuwa mzuri kumtazama. Alishika kipimo mkono wa kushoto, chupa wa kulia, akamimina mpaka ukingo ukajaa kabisa, akageuza kipimo juu ya glasi. Na wakati glasi inapokea, ule mkono wa kulia, wenye chupa, ukapita juu ya glasi na kuinama kidogo. Uzi mwembamba wa maji ukaanguka. Kisha chupa ikasimama. Ilikuwa haraka kama mtu anayefukuza inzi. Glasi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Nilihesabu kimoyomoyo na kumwaga maji ya glasi kwenye ndoo ili azipate tena. Toti ya ishirini na saba ilipotoka, chupa ilibaki na funda la mwisho lisilojaza kipimo.

Aliipindua chupa, akaitikisa. "Uliijaza vibaya."

"Tujaze tena."

Tukajaza pamoja, yeye akishika kipimo. Thelathini ziliingia. Akauza tena. Ishirini na saba zikatoka.

"Unaongeza," nikamwambia.

"Siongezi."

"Unaongeza, dada. Mkono wa kulia. Ukishamimina kipimo, unapitisha chupa."

"Acha uongo!" Alikasirika kweli. Akashika kipimo na chupa akafanya tena, macho yake yakiwa kwenye mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine, akauona ukiinama. Akaweka chupa chini. Alikaa kwenye kreti.

"Mama yangu," alisema. "Mama yangu anauza mafuta ya kula. Gengeni, kwa kipimo. Nimekaa naye pale tangu sijaanza shule. Ukishamwaga kipimo kwenye chupa ya mteja, unachota kidogo unaongeza. Usipoongeza hakuna anayeondoka. Anasimama pale anakutazama. Anakuambia umempunja."

Nyongeza. Kila aliyenunua mafuta, mchele au dagaa kwa kipimo katika jiji hili anaijua. Kipimo peke yake ni deni. Nyongeza ndiyo heshima. Mkono wake ulikuwa umejifunza kazi ile kabla yeye hajajifunza kusoma, na alipopewa chupa na kikombe cha kupimia, mkono ukaendelea pale ulipoachia. Alipokuwa akibeba trei haukuwa na nafasi ya kuonekana.

"Tunyamaze," nikamwambia. "Uache kuanzia leo, Jumatatu itakuwa sawa."

"Hapana. Wiki imeshaanza, jana nimeshauza. Na nikinyamaza, Jumatatu ikiwa sawa Mama atasema nimeogopa nikaacha kuiba." Alisimama, akajifunga kanga yake upya juu ya sketi. "Mwite."

Mama alishuka akiwa bado na unga wa chapati kwenye vidole. Dada hakueleza chochote. Alijaza chupa mbele yake, toti thelathini, akamwomba Mama ahesabu, akauza. Aliuacha mkono wake ufanye ulivyozoea. Nadhani hicho kilikuwa kigumu kuliko vyote, kuuacha ukosee mbele ya yule ambaye angemfukuza.

"Ishirini na saba," Mama alisema.

"Ni nyongeza, Mama. Sikujua. Nimeijua leo."

Mama aliutazama uzi wa maji uliokuwa ukikauka ukingoni mwa glasi. Kwa muda nilifikiri hajaelewa. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Mimi nikiwa msichana nilitumwa mafuta ya nazi kwa wanawake wa gengeni. Wakisahau nyongeza nagoma kuondoka. Mama yangu alikuwa ananiuliza nyumbani, iko wapi nyongeza?" Akafuta vidole vyake. "Lakini mimi siuzi mafuta ya nazi. Anayeuza gengeni ameshaiweka nyongeza kwenye bei yake. Mimi sijaiweka. Umekuwa mkarimu kwa mali yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Leo napima upya. Tunaanza kuhesabu hapa. Jumatatu iko pale pale."

Alileta vijiti, akapima kila chupa, akapanda juu.

Kuujua ugonjwa wa mkono hakuuponyi. Siku ile ile mchana nilimwona dada akiongeza mara mbili, akijiuma midomo kila mara. Alijaribu kushika chupa kwa mkono wa kushoto, akamwaga. Mwishowe alipata njia yake mwenyewe: akishajaza kipimo, chupa inakwenda chini kwanza, inakaa juu ya kaunta, vidole vinaiachia, ndipo kipimo kinanyanyuliwa kwenda kwenye glasi. Mkono wa kulia ukabaki mtupu. Uliendelea kuinama juu ya glasi, siku za mwanzo, ukiwa hauna kitu.

"Chupa chini," alijisemea kila toti, kwa sauti ndogo. Baadaye wabeba mizigo walisikia wakaanza kuitikia kwa pamoja, "Chini!" na kugonga kaunta.

Mzee wa vitenge hakucheka. Aliinua glasi yake kwenye mwanga, akafunga jicho moja.

"Binti, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee wangu."

"Mbona leo umenipimia kama mgonjwa?"

"Nimekupimia toti, mzee. Uliyolipia."

"Hii si toti. Hii ni salamu."

Watu wakaangua kicheko. Fundi cherehani mmoja akasema labda bosi ameweka kamera. Mwingine akamwambia dada amekuwa meneja, amesahau watu. Hawa ndio waliompenda, na sasa walikuwa wakimwambia kwa mizaha neno lile lile ambalo mama yake alimfundisha kuliogopa, kwamba anapunja. Akaweka chupa chini, akanyanyua kipimo, akamhudumia aliyefuata.

Jumatatu Mama alipima. Dada alisimama na mikono nyuma. Nilijifanya napanga friji ile ile kwa mara ya tatu. Mama akaandika kwenye katoni, akajumlisha, akageuza.

Wiski zilikuwa zimeuzwa hamsini na nane. Zilikuwa zimetoka hamsini na tano.

Dada alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Hakuna shoti, Mama. Kuna ziada."

Mama hakutabasamu. "Hizi toti tatu ni za nani?"

"Za baa."

"Za baa vipi? Mimi nimelipwa hamsini na nane. Watu hamsini na nane wameketi pale wakanywa. Chupa inasema walikunywa hamsini na tano. Sasa nani ameibiwa?"

Dada alikitazama kipimo.

"Umeogopa ukingo," Mama alisema. "Unasimama kabla kipimo hakijajaa. Yule mzee wa vitenge analalamika juu ya feni, juu ya muziki, juu ya serikali, simsikilizi. Safari hii alikuwa anasema kweli." Alichukua zile funguo kutoka kwenye msumari, akaziweka juu ya kaunta katikati yao, akaziacha hapo. "Shoti unaniibia mimi. Ziada unawaibia wao. Sitaki mtu wa kaunta ambaye lazima amwibie mmoja wetu. Jumatatu nyingine."

Alipoondoka nilisema Mama amezidi. Shoti hapana, ziada hapana, anataka malaika.

"Anataka thelathini," dada alisema. "Jaza chupa."

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya kufungua alimimina maji. Chupa ya kwanza ilitoa thelathini na mbili. Alikuwa akikishika kipimo chini, karibu na tumbo, akikitazama kutoka juu, na kutoka juu kipimo huonekana kimejaa kabla hakijajaa. Akajifunza kukiinua mpaka usawa wa macho na kungoja maji yafike ukingoni pande zote, yakae bapa. Thelathini na moja. Thelathini na moja na funda. Mara akafurahi mno, mkono wa kulia ukarudia ya zamani, tukapata ishirini na tisa, akalitukana lile bakuli la limau lililokuwa karibu. Mimi nilikuwa nabeba maji tu na kuhesabu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria Kigamboni, ambako jamaa mmoja aliniambia wanatafuta watu wa kufunga mabomba, lakini sikuweza kuondoka kabla ya kuona.

Katikati ya wiki ile wiski ililetwa katika chupa mpya. Ujazo ule ule ulioandikwa, mililita mia saba na hamsini, lakini mabega yamepanda, kiuno kimebanwa, na kitako kimebonyea zaidi. Wateja walisema inapendeza. Mimi nilichukua kijiti cha wiski nikakisimamisha pembeni yake nikacheka peke yangu, kwa sababu hakuna alama hata moja iliyokuwa na maana tena.

Jumatatu Mama alishuka na vijiti, akapima jini, akapima brandi. Alipofika kwenye wiski alikuta chupa mpya mbili: moja haijafunguliwa, nyingine imeanzwa. Na moja tupu, iliyomalizika Jumamosi. Akaitazama ile iliyoanzwa kwa muda mrefu.

"Hii siwezi kuisoma," alisema. Kisha akatoa kwenye mfuko wake kijiti kipya, cheupe, kisicho na alama. Alikuwa amekwisha jua. Akaninyooshea mimi. "Wewe mwenye maswali. Mkono wako uko sawa. Nipimie."

Nilinyoosha mkono kukipokea. Dada alikuwa ameshakishika.

"Nitapima mimi," alisema.

"Ukikosea, kijiti kitakuwa kimekosea mpaka chupa hii ibadilishwe," Mama akasema. "Kila anayekuja baada yako atapimwa kwa mkono wako."

"Najua, Mama."

Mama aliisogeza chupa isiyofunguliwa ikasimama bega kwa bega na ile tupu. Hakueleza kwa nini. Haikuhitaji kuelezwa. Pombe ndani ya ile nzima ilikaa mahali fulani shingoni. Toti thelathini za maji ndani ya ile tupu lazima zikae hapo hapo. Mkono wenye nyongeza ungefika hapo mapema, na mkono mwoga usingefika.

Dada aliweka jagi la maji. Alijaza kipimo, jagi likaenda chini, vidole vikaachia, kipimo kikapanda mpaka machoni, kikatulia, kikaingia chupani kupitia faneli ndogo. Nikashika kijiti, Mama akachora kwa penseli. Moja. Alama ya kwanza ilikuwa juu sana, kile kitako. Mbili. Tatu. Kwenye kiuno alama zikaachana, juu ya kiuno zikabanana tena. Muuza maji ya kandoro, yale ya mifuko ya nailoni, alichungulia mlangoni akauliza kama tumefungua, akatuona tumeinamia chupa, akaondoka. Ishirini. Kipimo kilimwagika kidogo. Akakirudisha chote kwenye jagi, akakifuta, akaanza kile kimoja upya. Mabegani maji yalianza kupanda haraka na Mama akaacha kuhesabu kwa sauti.

Ishirini na tisa ilifika chini ya mstari wa wiski wa ile nyingine, umbali wa kama kidole kimoja. Dada alijaza ya mwisho. Aliitazama kuliko zote. Akamimina, akatoa faneli, akarudi nyuma hatua, wala hakuiangalia chupa, alimwangalia Mama.

Mama aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na shingo za chupa zote mbili. Alikaa hivyo. Maji yalikuwa yakicheza bado. Yalipotulia, mstari wa maji na mstari wa wiski vilikuwa mstari mmoja, ungeweza kupitisha uzi.

Alichora alama ya thelathini. Kisha, kama vile hakuna kilichotokea, akachukua kile kijiti kipya, akakisimamisha pembeni ya chupa iliyoanzwa, akaweka ukucha. "Kumi na tisa." Akaandika kwenye katoni. Akachukua risiti, akasoma, akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Zilikuwa zimeuzwa tisini na moja. Zilikuwa zimetoka tisini na moja na kidogo, kidogo kisichofika nusu.

"Hiki kidogo?" dada aliuliza.

"Hiki kimelowesha kipimo na kuta za chupa. Hicho si cha mtu." Mama aliunganisha kijiti kipya na vile vya marehemu, akavifunga vyote kwa mpira mmoja. Funguo zilikuwa bado pale pale juu ya kaunta, wiki nzima, kila mtu alifuta vumbi akizizunguka. Akazisukuma kwa kidole upande wa dada. Kisha akaniambia nikaite chai, tatu, na kwamba ya dada iwe na maziwa mengi.

Niliondoka mwezi ule kwenda Kigamboni kwenye mabomba. Siku ya kuaga mzee wa vitenge alikuwa kwenye kiti chake cha karibu na feni, glasi yake ameiinua kwenye mwanga.

"Binti, na nyongeza yangu?"

Dada aliweka chupa chini, akaiachia. Akachota kijiko cha karanga za kukaanga kutoka kwenye kopo alilolinunua kwa pesa yake, akazimwaga kwenye kisahani mbele ya mzee, kisha akachota kidogo tena akaongeza.